Mpira na Sataranji kwenye Fomu ya Chuo

Anayeomba kusoma shahada ya kwanza Uingereza hupitia UCAS, taasisi moja inayopokea maombi kwa niaba ya karibu vyuo vikuu vyote vya nchi hiyo. Fomu yake ina nafasi ya kozi tano, sehemu ya matokeo ya mitihani, maelezo ya mwalimu, na maelezo binafsi ambayo mwombaji huyaandika mwenyewe. Maelezo hayo binafsi ni mamoja tu, na vyuo vyote vitano husoma maneno yaleyale. Kwa wanaoomba kuanza masomo kuanzia mwaka 2026, yamegawanywa katika maswali matatu: kwa nini mwombaji anataka kusoma somo hilo, elimu aliyokwisha kuipata imemwandaa vipi, na nje ya masomo amefanya nini kingine cha kujiandaa na kina manufaa gani. Majibu yote kwa pamoja hayaruhusiwi kuzidi herufi 4,000, na nafasi kati ya neno na neno huhesabiwa. Kila jibu lazima lifike angalau herufi 350.

Swali la tatu ndilo linalowaponza wengi. Mwanafunzi anayeomba hisabati, sheria au uchumi analisoma, anajitazama, anaona kwamba muda wake wote wa nje ya darasa umeishia uwanjani au kwenye ubao wa sataranji, na anaandika juu ya hayo. Kwa mwanafunzi wa Tanzania au Kenya jambo lenyewe ni geni. Nyumbani udahili huenda kwa alama: Kenya mfumo wa KUCCPS huwapanga wanafunzi kwa matokeo ya KCSE, na vyuo vya Tanzania hudahili kwa ufaulu wa kidato cha sita au stashahada. Hakuna anayeulizwa jioni huwa anacheza nini. Akiulizwa kwa mara ya kwanza, na tena kwenye fomu ya nje, hudhani kwamba anaombwa aonyeshe kuwa ni mtu mwema, mchangamfu na mwenye nidhamu.

Sivyo alivyoulizwa. Neno zito katika swali hilo ni kujiandaa, na kujiandaa huko ni kwa ajili ya somo. Chuo Kikuu cha Oxford hutangaza waziwazi kwamba shughuli za ziada zina uzito pale tu zinapoonyesha kigezo fulani cha udahili wa kozi inayoombwa, na Oxford na Cambridge wanaosoma maombi ni wahadhiri wa somo lenyewe. Mhadhiri wa hisabati hatafuti nahodha. Anatafuta kijana atakayeweza kukaa na swali gumu kwa saa nzima bila kulikimbia. Nahodha akiwa kijana wa namna hiyo, unahodha wake haumpunguzii wala haumwongezei kitu mpaka aonyeshe mahali ulipokutana na hisabati.

Aya ya kawaida juu ya mchezo husomeka hivi: “Nimecheza mpira tangu nikiwa na miaka sita na sasa ni nahodha wa timu ya shule. Mpira umenifunza nidhamu, ushirikiano na kutokata tamaa, na sifa hizo zitanisaidia katika masomo ya hisabati.” Hakuna uongo ndani yake, na pengine kila neno limetoka moyoni. Lakini ukifuta mpira ukaweka kwaya, aya inabaki imesimama. Ukifuta hisabati ukaweka sheria, inasimama vilevile. Aya inayokubali kubadilishwa pande zote mbili haimwambii msomaji lolote juu ya mwandishi wala juu ya somo, na msomaji wa maombi amekwisha kuisoma mara nyingi siku hiyohiyo. Kipimo hiki cha kubadilisha maneno kinachukua dakika moja, na ni vigumu kupata kingine kinachogundua udhaifu huo upesi kuliko hicho.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kuanza na kisa cha utotoni: babu aliyemfunza mjukuu sataranji chini ya mwembe, au mpira wa makaratasi uliozaa ndoto. Visa vya aina hii vina historia yake. Mwaka 2007 UCAS ilipopitisha maelezo binafsi ya waombaji kwenye mfumo wa kutambua maandishi yaliyonakiliwa, ilikuta waombaji 234 waliosimulia kwamba mapenzi yao ya kemia yalianza walipounguza tundu kwenye nguo zao za kulalia wakiwa na miaka minane. Tangu hapo kisa cha utotoni kinachofungua maelezo hutazamwa kwa jicho la shaka, hata kikiwa cha kweli. Na hata kikiaminika, hakithibitishi chochote juu ya uwezo wa kijana wa miaka 18.

Sataranji ina mtego wake zaidi ya huo, kwa sababu inafanana na masomo. Ni mchezo wa kukaa kimya na kufikiri, na watu wengi huamini kwamba anayeucheza vizuri ana akili ya hisabati au kumbukumbu kubwa. Mwombaji hujikuta akiandika kwamba sataranji imemkuzia fikra za kimantiki, na kwamba fikra hizo atazihamishia kwenye kozi. Hili ni dai la kisayansi, na limepimwa. Nchini Uingereza, taasisi ya utafiti wa elimu iitwayo Education Endowment Foundation iligharimia jaribio kubwa lililohusisha shule za msingi 100. Katika baadhi ya shule, watoto wa miaka 9 na 10 walifundishwa sataranji kwa takriban saa 30 wakati wa masomo; katika nyingine hawakufundishwa. Mwaka mmoja baada ya mafunzo kwisha, walipopimwa kwa mtihani wa hisabati, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Matokeo yalitolewa mwaka 2016.

Suala la kumbukumbu ni la zamani zaidi, na linavutia zaidi. Mwanasaikolojia Mholanzi Adriaan de Groot, mwenyewe mchezaji hodari, aliwaonyesha watu ubao wenye kete zilizopangwa kama katikati ya mchezo, kwa sekunde chache tu, kisha akawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Mabingwa waliurudisha karibu wote. Wachezaji wa kawaida walishika kete chache. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon wakaongeza jambo moja: walitumia pia ubao ambao kete zake zimetupwa ovyo, bila mpangilio unaoweza kutokea mchezoni. Hapo ubora wa bingwa ulitoweka karibu wote. Kumbukumbu yake haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Alichokuwa nacho ni maumbo mengi ya ubao aliyoyazoea kwa miaka, akiyatambua mafungu kwa mafungu badala ya kete moja moja.

Kwa hiyo mwombaji wa saikolojia anayeandika “sataranji imenipa kumbukumbu nzuri” ameandika kinyume cha matokeo ya utafiti maarufu wa fani anayoiomba, na huenda mtu anayeyafundisha matokeo hayo ndiye anayeisoma fomu. Mwenzake anayeandika kwamba alishangaa kuona anashindwa kukumbuka ubao uliotupwa ovyo, akawajaribu wanachama wenzake wanane wa klabu, kisha akasoma jinsi Chase na Simon walivyolieleza jambo hilo, ametumia sataranji ileile kuonyesha kwamba ameanza kufikiri kama mwanasaikolojia. Wote wawili wamecheza miaka sawa, na pengine wa kwanza ndiye anayeshinda wakikutana ubaoni.

Hapo ndipo kazi halisi ya mchezo katika maombi inapoonekana. Mchezo hausaidii kwa kuwa umejenga tabia. Husaidia pale ulipozaa swali ambalo jibu lake liko ndani ya somo, na mwombaji akalifuata swali hilo kwa kazi inayoweza kuonekana. Njia hiyo ina sehemu tatu: jambo aliloliona mchezoni, alichofanya ili kulielewa, na mahali kazi yake ilipogota. Sehemu ya tatu huachwa na wengi kwa kuogopa kuonekana wameshindwa, ilhali ndiyo inayompa mhadhiri pa kuanzia mazungumzo.

Mfano mmoja ukifuatwa mpaka mwisho utaeleza zaidi. Tuchukue mwanafunzi wa Dar es Salaam anayesoma ngazi ya A kwa mtaala wa kimataifa wa Cambridge na kuomba shahada ya hisabati na takwimu. Ni nahodha wa timu ya shule. Wenzake hulalamika kila wiki kwamba Ligi Kuu ina suluhu nyingi mno, mechi zinazokwisha bila bao hata moja. Darasani, katika sehemu ya pili ya takwimu, amekwisha kufundishwa mtawanyo wa Poisson, yaani kanuni ya kukadiria matukio yanayotokea kwa nasibu kwa wastani fulani katika muda fulani. Mabao ni matukio ya namna hiyo, au yanaelekea kuwa hivyo. Lalamiko la wenzake linaweza kupimwa.

Ligi ya timu 16 zinazokutana nyumbani na ugenini ina mechi 240 kwa msimu. Anazikusanya zote kwenye jedwali la kompyuta, safu moja kwa idadi ya mabao ya kila mechi. Tuseme anapata mabao 528, wastani wa 2.2 kwa mechi. Kanuni ya Poisson inasema uwezekano wa mechi kwisha bila bao ni namba e iliyopandishwa kwa kipeo cha hasi 2.2, ambayo ni karibu 0.11. Mara 240, inatoka suluhu 27 hivi. Tuseme anazihesabu suluhu halisi na kukuta 31. Wenzake watashangilia: si tulisema?

Mwanafunzi wa kawaida angeishia hapo na kuandika kwamba amegundua suluhu zimezidi. Lakini idadi ya suluhu ingetofautiana msimu hadi msimu hata kama kanuni ingekuwa sahihi kabisa. Ukubwa wa kuyumba huko ni kipeuo cha pili cha namba inayopatikana kwa kuzidisha 240 kwa 0.11 kwa 0.89, nacho ni karibu 5. Pengo la suluhu nne ni dogo kuliko kuyumba kwa kawaida. Jedwali lake halitoshi kuthibitisha lalamiko la wenzake, wala kulikanusha. Jibu hilo halifurahishi uwanjani, lakini ni jibu la mwanatakwimu.

Bado kuna la kuuliza. Kanuni aliyoitumia inadhani kwamba wastani wa mabao ni uleule kwa kila mechi, jambo ambalo shabiki yeyote anajua si kweli: mechi ya vinara dhidi ya timu ya mkiani haifanani na mechi ya timu mbili zinazoogopana. Ukichanganya mechi zenye wastani tofauti kwenye kapu moja, suluhu halisi zinaelekea kuzidi kidogo zile za kanuni, hata bila timu yoyote kucheza kwa kujilinda. Katika Poisson, pia, wastani na kipimo cha kutawanyika kwa namba vinapaswa kulingana. Akikokotoa cha pili kutoka kwenye jedwali lake na kukuta kimezidi 2.2, ana dalili ya mchanganyiko huo. Na ukiziangalia timu mbili kwa pamoja kuna dhana nyingine, kwamba mabao ya moja hayaathiri ya nyingine. Mark Dixon na Stuart Coles waliichunguza dhana hiyo mwaka 1997 kwa matokeo ya ligi za Uingereza, wakaongeza marekebisho maalumu kwa matokeo manne tu: 0–0, 1–0, 0–1 na 1–1. Makala yao inasomeka kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule akiivumilia, ingawa si yote.

Sasa aya inaweza kuandikwa. Maelezo ya UCAS huandikwa kwa Kiingereza, hapa yamewekwa kwa Kiswahili: “Wachezaji wenzangu wanaamini ligi yetu ina suluhu kupita kiasi. Nilikusanya mechi 240 za msimu mmoja na kuzilinganisha na mtawanyo wa Poisson. Kanuni ilitabiri suluhu 27, zilikuwa 31. Nilidhani nimepata ushahidi mpaka nilipokadiria kwamba idadi hiyo huweza kuyumba kwa takriban 5 kwa nasibu tu. Kilichonisumbua zaidi ni dhana yangu kwamba timu zote zina wastani mmoja. Hiyo ilinifikisha kwa Dixon na Coles, wanaoipa kila timu nguvu yake ya kushambulia na kulinda. Nimejaribu kufanya hivyo kwa timu nne, lakini mechi zangu ni chache mno kwa makadirio hayo kutulia.”

Unahodha umetoweka kabisa, na hakuna aliyeupoteza. Nidhamu haikutajwa, ila mtu aliyeandika matokeo ya mechi 240 moja moja hahitaji kusema kwamba ana nidhamu. Ukijaribu kipimo cha kubadilisha maneno, aya inavunjika mara moja: weka kwaya badala ya mpira na hakuna kinachobaki. Aya kama hii, ikiandikwa kwa Kiingereza, itatumia herufi kama 600, yaani takriban sehemu ya saba ya nafasi yote. Kwa jambo moja la nje ya masomo hicho ni kipimo kizuri. Ikivuka robo, msomaji ataanza kujiuliza kama huyu anataka hisabati au anataka kazi kwenye klabu.

Kuna kosa linaloonekana zaidi siku hizi kwa sababu waombaji wamekwisha kusikia kwamba wataje vitabu na watafiti: aya inayotaja Poisson, Dixon na Coles kwa majina na haionyeshi kazi yoyote. Ni rahisi kuitambua. Majina yamekaa karibu karibu, vitenzi vyake ni “nilivutiwa” na “nilisoma kuhusu”, na hakuna namba hata moja ambayo mwombaji aliikokotoa mwenyewe. Kwenye usaili, pale unapokuwepo, huanguka kwa swali moja. Vyuo vingi vya Uingereza haviwasaili waombaji wa hisabati, lakini Oxford na Cambridge huwasaili, na anayesaili ana haki ya kuuliza lolote lililo kwenye fomu. Kwa mwanafunzi wa jedwali maswali yangekuwa: kwa nini umechukua msimu mmoja na si mitano? Ungefanyaje kama bao la kwanza hubadilisha namna timu zinavyocheza? Ukiwa na wastani wa 1 badala ya 2.2, suluhu zingekuwa sehemu gani ya mechi zote? Hili la mwisho linajibika papo hapo kwa aliyewahi kuikokotoa kanuni kwa mkono: kidogo zaidi ya theluthi. Aliyesoma muhtasari tu atatafuta maneno.

Somo likibadilika, swali linalozaliwa na mchezo hubadilika nalo, na mpira una maswali kwa karibu kila idara. Mwombaji wa sheria ana kesi ya Bosman. Mwaka 1990 mkataba wa Jean-Marc Bosman na klabu ya RFC Liège ya Ubelgiji ulikwisha, na uhamisho wake kwenda Dunkerque ya Ufaransa ukakwama kwa sababu ya ada ambayo klabu ya zamani ilikuwa na haki ya kudai. Tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba ada ya namna hiyo kwa mchezaji aliyemaliza mkataba inakiuka uhuru wa wafanyakazi kuhama ndani ya nchi wanachama. Kuandika kwamba kesi hiyo ilibadilisha soko la usajili ni kuandika habari ya michezo. Swali la kisheria ni jingine: mkataba wa nchi na nchi unawezaje kuzibana kanuni za chama cha mpira, ambacho si serikali? Mwombaji aliyeusoma uamuzi wenyewe na kuona jinsi mahakama ilivyolijibu hilo amekwisha kufanya kazi ya mwanafunzi wa sheria. Aliyeishia kwenye habari za usajili hajaianza.

Mwombaji wa uchumi ana penalti. Mwaka 2003 Ignacio Palacios-Huerta alichapisha uchambuzi wa penalti 1,417 za ligi za Ulaya ili kuona kama wapigaji na makipa wanachagua upande kama nadharia ya michezo inavyotabiri. Nadharia inadai mambo mawili: mpigaji awe na nafasi sawa ya kufunga upande wowote anaouchagua, na uchaguzi wake wa leo usitabirike kutokana na wa jana. Wachezaji wale walikaribia yote mawili. Mwanafunzi anayerekodi penalti za mazoezi ya timu yake kwa muhula mmoja ataona kwa kawaida kwamba wenzake hawakaribii: hubadilisha pande mno, wakidhani kubadilisha ndiyo nasibu. Idadi yake itakuwa ndogo, na akiiandika bila kusema kwamba ni ndogo ameharibu.

Si kila mchezo una mlango wa kuingilia kwenye kila somo, na kulazimisha huonekana. Mwombaji wa fasihi anayedai kwamba mlinzi wa kati ni kama msimulizi wa riwaya amebuni mfanano mahali ambapo hakuwa na swali. Heri aache. Maelezo mengi mazuri yanayopokewa na vyuo hivyo hayataji mchezo wowote, na hakuna alama inayopunguzwa kwa sababu hiyo. Kama swali la tatu linaelekea kubaki tupu, kitabu kilichosomwa nje ya mtaala, kazi ya muda dukani, au kumsaidia mdogo wake algebra jioni vinaweza kubeba uzito kuliko medali ya wilaya.

Mchezo una kazi ya pili, ndogo lakini ya kweli: kueleza mazingira ya alama. Mwanafunzi aliyepata alama za juu huku akifanya mazoezi ya timu ya taifa ya vijana kila siku amefanya jambo kubwa kuliko aliyepata alama zilezile akiwa na jioni nzima ya kusoma. Ila yeye mwenyewe akilisema hujisifu, na mwalimu akilisema hutoa ushahidi. Maelezo ya mwalimu kwenye UCAS yana sehemu ya mambo mengine yanayohusu ombi, na hapo sentensi moja yatosha: saa kwa wiki, kwa muda gani, na alama zilifanya nini katika kipindi hicho. Mwombaji anapaswa kumpa mwalimu takwimu hizo mapema. Hii hufanya kazi kwa alama zilizobaki juu. Alama zikishuka, mchezo hugeuka kuwa sababu ya kushuka kwake, na bingwa wa sataranji wa taifa mwenye hisabati dhaifu ataonekana kama mtu aliyekwisha kuchagua.

Udaktari una desturi tofauti kidogo. Vyuo vya tiba vya Uingereza huorodhesha miongoni mwa vigezo vyao kufanya kazi na wengine, kubeba wajibu na kustahimili shinikizo, hivyo unahodha unaweza kutajwa kama unahodha. Hata hivyo anayetaja wajibu atawahi kuulizwa siku alipoushindwa na alifanya nini, na mwenye jibu la siku moja mahususi hutofautiana mara moja na mwenye orodha ya sifa. Maombi ya udaktari, kama yale ya Oxford na Cambridge, hufungwa tarehe 15 Oktoba, miezi kadhaa kabla ya mengi ya kozi nyingine, na jedwali la mechi 240 haliwezi kuanza kujazwa Septemba.

Anayeomba Marekani wakati huohuo asihamishe aya ileile. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo vingi vya huko, ina sehemu maalumu ya shughuli, nafasi kumi, kila moja na maelezo yasiyozidi herufi 150. Unahodha, saa za mazoezi na medali huenda huko. Insha yake kuu, isiyozidi maneno 650, inamhusu mtu mwenyewe na si kozi, kwa kuwa vyuo vingi vya Marekani hudahili mwanafunzi kabla hajalazimika kuchagua somo. Pale kijana anaweza kuandika juu ya lalamiko la wenzake, basi la kurudi kutoka mechi ya ugenini, na namna alivyowaeleza kwamba suluhu 31 si nyingi kama walivyodhani. Dixon na Coles anaweza kuwaacha nje.